Bei Aliyotaja Shangazi

"Hukumwambia bei," alisema Kiduchu. "Shangazi, niambie hukumwambia bei."

"Nilimwambia. Mtu akikuuliza bei utamjibu nini, hali ya hewa?"

Kiduchu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na beseni tupu kiunoni, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko. Alitoka nyuma ya nyumba kuanika mashuka mawili na taulo, kazi ya dakika kumi, na simu akaiacha mezani karibu na kompyuta. Ndani ya dakika hizo kumi simu ililia, na Shangazi akaipokea. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, ameuza ndoo na mabeseni sokoni miaka thelathini na mmoja, na tangu azaliwe hajaiacha simu ya mtu ilie peke yake.

"Alikuwa nani?"

"Bibi mmoja ana sauti tamu, kama amemeza chupa ya asali pamoja na kifuniko. Wa kiwanda cha sabuni. Ameipenda ile pakiti yako mpya mpaka anataka kulala nayo. Akauliza kama unaweza kumfanyia kazi wewe mwenyewe, bila kupitia ile ofisi. Nikasema unaweza, kwani mikono huna? Akauliza bei. Nikampa."

Damu ilimshuka Kiduchu kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. Wanaoijua habari hii husema kandambili zile zilikuwa za kijani asubuhi, na kufika mchana zilikuwa nyekundu, na rangi haijatoka mpaka leo.

"Umeniua," alisema.

"Mtu aliyeuawa habebi beseni. Weka chini, ukae."

Akaliweka chini. Hakukaa.

Alipewa jina hilo la Kiduchu kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Mkunga alimtafuta kwenye mikunjo ya shuka robo saa nzima, na alipompata alimdhani kifungo. Alikua, lakini si sana, na alipofika umri wa kutafuta riziki alipata kazi inayomfaa mtu asiyeonekana: aliwachorea watu nembo, lebo na vipeperushi kwenye kompyuta, ila hakuna aliyejua kwamba ni yeye.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kulikuwa na ofisi ya matangazo mjini, ghorofa ya pili, yenye vioo. Wenye viwanda walikwenda pale kutaka pakiti mpya au mabango. Ofisi ilipokea kazi na kumtumia Kiduchu, Kiduchu akaichorea kwenye meza ya jikoni, akairudisha, na ofisi ikaipeleka kwa mteja kama kazi ya mikono yake. Walimfungulia hata anwani ya barua pepe ya kwao. Alipoandika humo alijiita "Timu ya Studio", yeye peke yake na sufuria zake. Katika vikao vya kwenye kompyuta alizima kamera, na jina lililotokea lilikuwa la ofisi. Siku moja mteja aliiambia Timu ya Studio kwamba leo inaonekana ina mafua, na timu nzima ikapiga chafya kwa pua moja.

Hakulalamika. Alikuwa ametia sahihi mkataba wa kurasa tatu, akausoma kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo si wengi wanalifanya. Kifungu cha saba kilikataza kutafuta, kupokea au kupangia bei kazi yoyote ya moja kwa moja kutoka kwa mteja aliyemjua kupitia ofisi, wakati wa kazi na miezi kumi na miwili baada yake. Akikivunja, ofisi ingeweza kumkata kazi zote siku hiyo hiyo na kumdai hasara iliyopata. Na ofisi ile ndiyo iliyompa kazi tatu katika kila nne alizofanya. Kodi ya nyumba ilitoka pale. Dawa za presha za Shangazi zilitoka pale.

"Na namba yangu kaitoa wapi?" alisema. "Hakuna mteja mwenye namba yangu."

"Anasema ameiona kwenye karatasi uliyomtumia."

"Sijamtumia karatasi."

Akaketi sasa, akafungua kompyuta, akalitafuta folda alilolituma ofisini Alhamisi. Ndani yake kulikuwa na michoro yote ya pakiti tayari kwa kiwanda cha uchapaji, na faili moja dogo la maelezo aliloliita SOMA KWANZA: rangi zipi, herufi zipi, mahali pa kukunja. Kila kazi alitengeneza faili kama hilo, na kila mara alilitengeneza kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Alhamisi alikuwa na haraka. Alichukua faili la kazi ya duka la vitabu, mteja wake mmoja aliyemhudumia mwenyewe bila ofisi yoyote katikati, akabadilisha rangi na vipimo, akatuma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama yeye, palikuwa na jina lake na namba yake ya simu.

Ofisi nayo haikulifungua. Ilimsukumia yule mama wa kiwanda, Bibi Sabuni, folda kama lilivyokuja.

"Basi kosa ni lao," alisema Shangazi akichungulia begani.

"Langu na lao. Lakini wao ndio wenye mkataba."

"Mkataba, mkataba. Ngoja nikuonyeshe kitu." Shangazi alifungua droo, akatoa vijiko vinne vya chai, akavipanga mezani. "Yule mama amenitajia mwenyewe anacholipa kwa pakiti moja. Tuseme ni vijiko hivi vinne. Wewe ofisi inakupa kimoja, hiki, nimeona ankara zako hapo juu ya friji. Mimi nikamtajia viwili. Akacheka kwa furaha, nikasikia hata meno yake. Yeye anaokoa viwili, wewe unaongezewa kimoja. Nani kaumia? Dalali tu. Na dalali haumii, ana nyama."

Kiduchu aliviangalia vile vijiko. Hakuwahi kujua kama ni vinne. Alidhani viwili, labda na nusu. Kitu kikamjia, na alipokitazama vizuri hakikuwa woga peke yake. Lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi, ukakipiga kumbo na kukaa mbele.

Simu ikatetemeka mezani. Vijiko vikacheza. Ulikuwa ujumbe.

*Habari mpenzi. Nimefurahi kuongea na meneja wako, mama mchangamfu sana. Bei yake ni nusu ya ninayolipa sasa. Leo saa kumi nina kikao pale ofisi ya matangazo kuhusu mkataba wa mwaka ujao. Nitumie kwotesheni ya bei kwa maandishi kabla ya hapo, niingie nayo.*

"Meneja," alisema Shangazi, akaiweka sawa kanga yake.

"Anaingia nayo," alisema Kiduchu. "Shangazi, anaingia nayo pale. Anaiweka juu ya meza ya Bwana Taratibu."

Bwana Taratibu ndiye mwenye ofisi. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wake kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyoshusha, mpaka ulazimike kumsomea midomo. Inasemekana aliwahi kumfukuza karani kwa sauti ya chini kiasi kwamba karani hakusikia, akaendelea kuja kazini wiki mbili, akapewa na zawadi ya mfanyakazi bora.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Moyo wa Kiduchu ulidunda hadi vikombe vikagongana kabatini na paka wa jirani akahama mtaa.

"Nyamaza tu," alisema Shangazi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Usimjibu. Atachoka."

"Asipojibiwa atataja bei yako kwa mdomo. Unamkumbuka Miwani?"

Shangazi alimkumbuka. Miwani alikuwa mchoraji mwenzake, kijana wa watu, mkono mwepesi. Alichukua mteja mmoja wa ofisi moja, mmoja tu, mwenye duka la viatu. Wenye ofisi za matangazo wana kundi lao kwenye simu, wanasalimiana humo na kutumiana picha za maua. Jina la Miwani likaingia kwenye kundi lile asubuhi. Kufika jioni ofisi nne zilikuwa zimemwambia kwa adabu kwamba kwa sasa hakuna kazi. Mwenye viatu naye alimlipa mara moja akafunga duka. Sasa Miwani anauza bima, na hata bima hanunui mtu.

"Nitamwandikia Bwana Taratibu," alisema Kiduchu. "Sasa hivi. Yote."

"Unajipeleka polisi mwenyewe?"

"Akisikia kwangu kwanza, ni kosa. Akisikia kwa mteja kwanza, ni wizi. Kosa na wizi ni kitu kimoja kile kile kilichotokea, Shangazi. Tofauti ni nani amewahi kufika."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe aliandika kama anavyoandika vipimo: Alhamisi nilituma folda, ndani yake niliacha kwa makosa faili lenye jina na namba yangu. Leo saa nne na dakika arobaini mteja alinipigia. Sikuwepo, shangazi yangu alipokea, bila kujua makubaliano yetu alimtajia bei. Mimi sijatoa bei wala sijapokea kazi. Akaambatisha picha ya ujumbe wa Bibi Sabuni, akaambatisha picha ya faili lenyewe, akaandika na jibu analokusudia kumpa mteja. Akatuma.

Halafu akamwandikia Bibi Sabuni: *Asante kwa kutupigia. Nina makubaliano na ofisi ya matangazo, kwa hiyo siwezi kutoa bei wala kupokea kazi nje yao. Bei iliyotajwa kwenye simu haikuwa yangu, naomba isihesabiwe. Kwa kazi mpya na malipo, tafadhali ongea na msimamizi wako pale ofisini.* Hakuandika kwamba yeye ndiye aliyechora, ijapokuwa vidole vilimwasha. Hakuandika neno baya juu ya vijiko vinne, ijapokuwa ulimi nao uliwasha.

Ujumbe kwa Bwana Taratibu ulipata alama mbili za bluu papo hapo. Ule wa kwenda kwa Bibi Sabuni ulibaki na alama moja, ya kijivu. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Kisha ikaja kazi ya kusubiri. Saa sita. Saa saba. Bluu ilibaki bluu, jibu halikuja. Kiduchu alifuta meza mara tatu, alifuta na pale ambapo hapakuwa na meza. Alidhani anwani yake ya ofisi imefungwa, akajaribu kuingia, ikafunguka, akapumua. Dakika tano baadaye akajaribu tena kama haijafungwa sasa. Shangazi alirudisha vijiko kwenye droo kimoja kimoja, bila kelele, kama mwizi anayerudisha mali.

"Nilidhani nakusaidia, mwanangu," alisema. "Sokoni mtu akikutafuta mwenyewe, humpeleki kwa jirani."

"Najua."

"Miaka sita nakuona unachora, na hakuna anayejua. Nilitaka mtu mmoja ajue."

Saa nane na robo simu ikatetemeka. *Njoo ofisini. Saa tisa na nusu.* Hapakuwa na habari za saa hizi, hapakuwa na nukta zaidi ya hizo mbili.

Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.

"Wewe huendi," alisema Kiduchu.

"Aliyetaja bei ni nani?"

Kwa miaka sita Kiduchu alikuwa amepanda ngazi zile mara mbili: kutia sahihi mkataba, na siku moja kuleta diski iliyokataa kutumwa. Safari hii ngazi zilikuwa zimeongezeka, hilo angeapa. Alihesabu mia moja na arobaini kufika ghorofa ya pili. Mapokezi palikuwa na kiti kirefu cha ngozi, mtungi wa maji, na msichana mwenye kucha ndefu aliyeuliza wamekuja kuhusu nini, Kiduchu akamwonyesha ujumbe kwenye simu.

Ukutani, kwenye fremu za kioo, zilitundikwa kazi. Lebo ya maji ya kunywa. Bango la kliniki ya macho. Kalenda ya benki. Chini ya kila moja, kwa herufi za dhahabu, jina la ofisi. Kwenye rafu kulikuwa na kikombe cha tuzo.

"Hii si ile uliyochora ukiwa na homa?" aliuliza Shangazi, akiikaribia kalenda mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo. "Na hii ya macho, si ulinitumia mimi kama mfano? Jicho langu hili hapa."

"Shangazi. Shusha sauti."

"Jicho langu limepewa tuzo na sijaambiwa?"

Msichana wa mapokezi aliwatazama, kisha akaitazama kalenda, kisha akamtazama Kiduchu kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Hata huyu hakupaswa kujua.

Waliitwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na viti vinane. Bwana Taratibu alikaa mwisho wake, mbele yake kurasa tatu za mkataba, ule wa pili umefunuliwa. Aliwakaribisha kwa mkono. Alipoanza kusema, Kiduchu aliinama mbele kwa sababu hakusikia kitu, na akajua kwamba mambo ni mabaya.

"Nani alimpigia nani?" ndicho alichosema, aliporudia.

"Yeye alinipigia mimi. Tazama." Akamsukumia simu. Simu ikateleza, ikavuka meza nzima na kusimama mbele yake kama imejua njia. Bwana Taratibu akaangalia simu zilizoingia na zilizotoka. Akaangalia ujumbe.

"Kabla ya leo?"

"Hakuna. Sijawahi kuongea naye bila ninyi kuwepo."

"Na faili?"

"Ni langu. Nilitumia karatasi ya mteja wangu mwingine. Nilikuwa na haraka."

Bwana Taratibu akageuza kompyuta yake, akawaonyesha barua pepe: folda liliingia ofisini Alhamisi saa kumi na mbili na dakika nne, likaenda kwa mteja saa kumi na mbili na dakika sita.

"Dakika mbili," alisema. "Msimamizi wangu hakulifungua. Kulifungua tu kunachukua tatu."

Kiduchu hakuthubutu kufurahi. Alimwona Bwana Taratibu akimimina chai kutoka kwenye chupa, na chai ikaenda nusu kikombeni na nusu kwenye sahani. Ndipo akagundua jambo lililomtia woga mpya: mzee yule naye alikuwa anaogopa.

"Yule mama anasaini mkataba wa mwaka leo au hasaini," alisema Bwana Taratibu. "Nina watu kumi na mmoja kwenye vyumba hivi. Asubuhi nilikuwa na mteja. Sasa nina mteja mwenye bei ya nusu mfukoni."

"Baba," alisema Shangazi, "kosa hilo ni la kwangu. Mtoto alikuwa anaanika. Nilidhani wewe ni dalali."

"Mimi ni dalali, mama."

Shangazi akakosa neno. Hilo lilikuwa halijatokea tangu enzi za vita.

"Lakini sikiliza," aliendelea. "Bei ile uliyomtajia ni ya kuchora. Nani atakaa naye vikao sita? Nani atakwenda kiwanda cha uchapaji alfajiri kuona rangi ikitoka? Wakikosea pakiti elfu hamsini, hasara ya nani? Yeye hunilipa baada ya siku tisini. Huyu namlipa baada ya siku kumi na nne, nimeshalipwa au sijalipwa. Pesa nyingine inakwenda huko. Inayobaki, ndiyo, ni yangu. Sikatai."

"Analipa siku ya kumi na nne," Kiduchu alimwambia Shangazi. "Hilo ni kweli. Hajawahi kuchelewa."

"Basi," alisema Bwana Taratibu, akiugeuzia macho mkataba. "Nimeusoma tena kifungu cha saba. Kinasema kutafuta, kupokea, kupanga bei. Hukutafuta. Hukupokea. Bei alipanga mtu ambaye hakutia sahihi. Na uliniambia kabla sijaambiwa." Akaufunga mkataba. "Hilo limekwisha. Jina lako haliendi popote."

Kiduchu alijua anasema kundi lile la kwenye simu. Hewa ikamtoka yote, kiti kikalia. Mtu mwenye akili angeaga hapo hapo akashuka ngazi mbili mbili. Yeye akasikia sauti ndogo ikisema, na kwa mshangao ikawa yake.

"Kuna jambo la bei yangu."

Bwana Taratibu akamtazama. "Siku kama ya leo unaniomba nyongeza?"

"Siku nyingine hunioni."

Akaikalia mikono yake. "Pakiti ile ya sabuni ilirudi mara kumi na moja. Kumi na moja, kwa bei ile ile. Geuza povu, rudisha povu, povu liwe na furaha. Ninaomba bei iwe na masahihisho mawili ndani yake. Kuanzia la tatu nilipwe kwa saa, na ninyi mumlipishe yeye. Akijua yanalipiwa ataamua mapema."

"Hilo nakubali. Litanisaidia hata mimi. Na kingine?"

"Msanifu mwingine akimaliza kazi anaiweka hadharani, watu wanaiona, wanamletea nyingine. Mimi nikimaliza ninaizika. Kazi zangu bora zipo hapo mapokezi na sina moja ya kumwonyesha mtu. Kutokuwa na jina ni kitu ninachokuuzia, na sijawahi kukulipisha. Naomba nusu juu ya bei ya sasa."

"Nusu ni nyingi." Sauti yake ilikuwa imepanda, karibu kusikika kama ya mtu wa kawaida. "Robo."

"Robo, na ruhusa ya kuwaonyesha ofisi nyingine kazi hizo ana kwa ana. Si hadharani. Bidhaa ikishafika madukani, na niseme niliifanya kupitia kwenu."

"Bila kikombe cha tuzo."

"Kikombe kaeni nacho."

"Jicho ni langu," alisema Shangazi kwa chini.

Bwana Taratibu alichukua kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa wa pili: robo, masahihisho mawili, ruhusa ya ana kwa ana. Akaongeza mstari kwamba kila folda litafunguliwa hapa kabla ya kwenda kwa mteja, na mteja akimpigia Kiduchu, ajibiwe sentensi moja na ofisi ijulishwe siku hiyo hiyo. Akatia sahihi. Kiduchu alikuwa bado anatafuta mahali pa kutia ya kwake simu ya mezani ilipolia. Ni mapokezi. Bwana Taratibu alisikiliza, akaikata.

"Amefika. Yuko kwenye ngazi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Kiduchu akaangalia simu yake: ujumbe kwa Bibi Sabuni, alama moja, kijivu ile ile. Hakuusoma. Alikuwa anapanda na bei ya Shangazi kichwani, nzima, kama alivyopewa.

"Kuna mlango kule, kwenye jiko la wafanyakazi," alisema Bwana Taratibu haraka. "Unashukia nyuma."

Kiduchu alikuwa ameshasimama. Miaka sita ilimfundisha kusimama vile. Shangazi hakusogea.

"Magoti yangu hayaitikii haraka hivyo," alisema. "Nendeni ninyi."

"Mama, tafadhali."

"Na akiniona mimi atanijua kwa sauti. Mimi ni meneja."

Viatu vya visigino vilisikika kwenye ukumbi, kimoja, kingine, kama mtu anagonga misumari. Bwana Taratibu alishika ukingo wa meza. Kiduchu aliona anafikiri, na aliona pia kwamba hajawahi kulazimika kufikiri kwa kasi ile. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai.

"Ngoja," alisema. "Ameshajua kuwa upo. Nikikuficha atadhani ninaficha kitu cha kununua. Atakutafuta kesho, na keshokutwa." Akavuta kiti kilichokuwa kando yake. "Kaa hapa. Upande wangu."

"Na akiniuliza bei?"

"Unamwambia iko kwangu. Huongezi neno. Mimi nitamwambia tunafanya kazi pamoja."

Kiduchu akazunguka meza, na safari hiyo ya hatua tano aliitembea kwa muda wa kupika maharage. Akakaa. Kutoka upande ule chumba kilikuwa kikubwa zaidi na mlango ulikuwa karibu zaidi. Visigino vikasimama nje. Mtu alikuwa anamwambia msichana wa mapokezi kwamba kalenda ile ni nzuri.

"Haraka," alinong'ona Bwana Taratibu. "Nikutambulishe kama nani? Mfanyakazi wetu?"

"Mimi si mfanyakazi wenu."

"Studio?"

"Studio ni ya watu wangapi, bwana? Ataniona niko mmoja."

"Basi niseme nini? Niambie wewe, nitalisema kama ulivyolisema."

Kitasa kikageuka. "Sema Kiduchu, aliyechora pakiti ya sabuni," alinong'ona Kiduchu, na Bibi Sabuni akaingia na mkoba wake, akawatazama wote watatu, na Bwana Taratibu akasimama akalisema kama alivyoambiwa.